Mimi Ndiye Yule: Jinsi ya Kuapa Kwamba Bett na Bet ni Mtu Mmoja

Sogea karibu, ndugu yangu, tuongee kwa sauti ya chini. Umetoka kwenye dirisha la ofisi ya ardhi, taito iko mkononi, na karani amekuambia shamba si lako. Michai iliyo juu yake uliipanda wewe, na ng'ombe wanaolala kando yake ni wako, lakini taito imeandikwa Bet na kitambulisho chako kimeandikwa Bett. Au pengine ulikuwa benki. Bonasi ya chai imeingia, jina la akaunti na jina la kitambulisho hayasalimiani, na msichana wa kaunta amekwambia kwa upole, "Mzee, leta kiapo kwamba haya majina ni ya mtu mmoja."

Nimekaa sana kwenye mabenchi ya ofisi hizo, Kericho na Bomet, na nimeona watu wakirudi mara nne kwa barua ambayo ingeandikwa asubuhi moja. Nitakupa njia ya mkato. Ni halali kabisa, na inaanza kwa kushindwa.

Hatua ya kwanza: shindwa mapema

Najua unalipenda jina lako. Kila mtu hulipenda lake, na anayeambiwa limeandikwa vibaya husimama wima kama ametukanwa mama. Utataka kumweleza karani kwamba jina sahihi ni lile la kitambulisho, na kwamba aliyeandika taito alikuwa amelala. Usifanye hivyo. Karani naye ana fahari yake, nayo ni daftari lililo nyuma yake. Hawezi kukubali kwamba daftari limekosea, ila anaweza kukubali kwamba wewe una majina mawili. Mpe hilo. Kubali kuwa Bet, kuwa Bett, na hata kuwa Beti kama ipo karatasi inayosema hivyo. Kazi ya kiapo ni kukusanya makosa yote na kuyaita mwenyewe. Kuyasahihisha ni kazi nyingine, tutaifikia.

Ili ushindwe bila uchungu, jua makosa haya yametoka wapi. Kikalenjin hakitenganishi k na g, wala p na b, kwa namna inayobadilisha maana ya neno. Mwandishi mmoja husikia Koskei na mwingine husikia Kosgei, na wote wawili wamesikia vizuri. Vokali za lugha hiyo huwa fupi au ndefu, lakini shule na ofisi hazikukubaliana jinsi ya kuonyesha urefu huo. Mzee Taaitta Toweett, mwanasiasa wa Kericho aliyewahi kuwa waziri wa elimu na aliyeisomea isimu ya Kikalenjin hadi shahada ya udaktari, alilijaza jina lake herufi maradufu, na bado utalikuta kwingine limeandikwa Taita Towett. Ikiwa jina la mtaalamu wa lugha yenyewe lilikatwa herufi, lako lingeponea wapi?

Halafu kuna ng'. Wewe msomaji wa Kiswahili unajua kwamba ng'ombe na ngoma hazianzi kwa sauti moja, lakini alama ile ndogo ya juu ndiyo ya kwanza kudondoka. Lang'at akawa Langat, na mwandishi mwenye haraka akamfanya Lagat. Kabila zima limepitia haya. Katika karatasi za wakoloni Wakipsigis waliitwa Lumbwa, na kituo cha reli kilichobeba jina hilo leo ni Kipkelion.

Hatua ya pili: yaokote makosa yote kabla hujaandika neno

Hapa ndipo watu wengi hupotezea miezi. Mtu anaapa kwamba Bett ni Bet, anapeleka, anakubaliwa. Mwaka unaofuata anagundua kwamba nambari yake ya mkulima wa chai iko kwa jina la tatu, na anaanza upya.

Tandaza kila karatasi mezani: kitambulisho, taito, cheti cha ubatizo, kadi ya benki au ya sako, karatasi ya malipo ya majani kutoka kiwanda chako cha KTDA, cheti cha PIN ya KRA. Chukua daftari la mtoto uandike kila jina kama lilivyo, herufi kwa herufi, na ufupisho wake na nukta zake. Usirekebishe chochote. Mkono utakuwasha. Utaona "Kiplagat" na vidole vitataka kuirudisha ile n. Vizuie, kwa sababu kiapo kinachotaja jina ambalo haliko kwenye taito hakina kazi yoyote kwa taito hiyo.

Tuchukue mfano mmoja wa kubuni twende nao hadi mwisho. Mwite huyu bwana Joel. Alizaliwa usiku ukiingia, akaitwa Kiplangat. Baba yake aliitwa Kibet arap Koech. Alipotoka jandoni alichukua jina la baba kwa desturi, ile Ki- ikaachwa, akawa arap Bett, yaani mwana wa Kibet. Wapimaji wa ardhi walipopita, kijana aliyeshika kalamu aliandika "Kiplagat arap Bet". Baadaye akabatizwa, akapata Joel, na kitambulisho kikatoka "Joel Kiplangat Bett". Alipojiandikisha kuuza majani, karani mwenye ulimi wa Kiswahili aliona neno linaishia kwa konsonanti akaliwekea vokali ya kupumzikia: "Joel K. Beti". Pesa zake za chai zinaingia kwa jina hilo.

Orodha yake basi ina majina matatu. Hakuna lililoandikwa na mtu mbaya, na kila moja lina sababu unayoweza kuieleza kwa sentensi moja. Sababu hizo ziandike kando ya majina, maana afisa huamini haraka zaidi anapoona jinsi kosa lilivyotokea.

Usijisumbue na jina la wilaya. Wenzangu wa Bomet hushtuka wakiona nambari ya shamba inaanza na Kericho, wakadhani na hilo linahitaji kiapo. Bomet ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho hadi ilipokatwa mwaka wa 1992, na sehemu za usajili kama Chemagel na Silibwet ziliendelea kubeba jina la zamani mbele. Hiyo ni nambari ya ardhi, haina uhusiano na jina lako. Iandike kama ilivyo.

Hatua ya tatu: hakikisha arap huyo ni wewe peke yako

Kaa hapa kidogo nami, kwa sababu hapa ndipo kiapo kinapoweza kuvunja nyumba.

Arap maana yake ni mwana wa. Kama Kibet alikuwa na wana watano, kwa desturi wote watano ni arap Bett. Siku ukisimama mbele ya kamishna ukaapa kwamba "arap Bet" aliyeko kwenye taito ni wewe, unaweza kuwa umesema kweli, na unaweza kuwa umemeza ndugu zako wanne kwa sentensi moja. Kinachowatenganisha ni jina la utotoni lililotangulia. "Kiplagat arap Bet" anaelekea kuwa Joel, maana ndiye Kiplangat wa nyumba hiyo. Lakini ukikuta daftari limeandikwa "Arap Bet" tu, au "K. arap Bet" katika nyumba yenye Kiplangat na Kipkemoi, kiapo chako peke yako hakitoshi. Msajili mwenye akili atakitilia shaka, na atakuwa sahihi.

Kuna mtego mwingine ndani ya huo. Shule zilipozoea kumwandika mtoto kwa jina la mwisho la baba yake, watoto wadogo wa nyumba hizo hawakupewa Bett. Walipewa Koech, yaani jina la babu. Kwa hiyo Joel ni Bett, na mdogo wake wa tumbo moja anaweza kuwa Kipkemoi Koech kwenye kitambulisho ilhali kijijini anaitwa arap Bett kama kaka yake. Mgeni wa ofisini akiwatazama kwenye karatasi, haoni undugu wowote kati yao. Na huyo mdogo, akitaka, anaweza naye kuapa kwamba "K. arap Bet" ni yeye.

Njia ya mkato hapa ni kuwaita ndugu zako mapema, kukiwa na chai na mandazi, kabla karatasi haijaandikwa. Waambie unachotaka kuapa. Kama shamba ni lako kweli, mmoja au wawili wao watakubali kuapa viapo vyao wenyewe, kwamba wanakufahamu tangu utoto na kwamba mtajwa wa taito ni wewe wala si wao. Kiapo cha mtu aliyekuwa na nafasi ya kudai na hakudai kina uzito kuliko vya majirani kumi. Kama hawakubali, basi umejua leo, bila gharama ya wakili, kwamba shida yako haikuwa herufi t.

Kisha omba utafutaji rasmi wa shamba uone daftari la ardhi linasema nini hasa, kwa sababu taito ni nakala tu ya kilichoko huko. Angalia kama kando ya jina kuna nambari ya kitambulisho. Ikiwepo na ikilingana na yako, umekwisha kushinda, maana herufi hutofautiana lakini nambari haina lafudhi. Isipokuwepo, usishangae. Rekodi nyingi za zamani ziliandikwa kwa jina pekee. Na kama unamfuatilia mama au kogo, kumbuka kwamba hadi sheria ilipobadilishwa mwaka wa 1978, kusajiliwa na kupewa kitambulisho lilikuwa jambo la wanaume. Mwanamke aliyeandikwa mahali popote kabla ya hapo hakuwa na nambari ya kushikizwa kwenye jina lake. Kwake utahitaji mashahidi na vyeti vya kanisa zaidi kuliko kwa mzee.

Hatua ya nne: chagua karatasi inayofaa

Kuna karatasi tatu ambazo watu huzichanganya, na kila moja ina mtu anayependa kukuuzia.

Ya kwanza ni barua ya chifu. Chifu ana muhuri, na muhuri huo humfurahisha kuugonga kama unavyokufurahisha wewe kuutazama. Barua yake inasaidia, kwa sababu anasema anakufahamu kama mkazi wa lokesheni yake. Lakini chifu hajaapa na wewe hujaapa. Ichukue, uiambatishe, usiifanye ndiyo silaha yenyewe.

Ya pili ni hati ya kubadilisha jina, ile inayosajiliwa na kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Hiyo inasema: nilikuwa Bet, kuanzia leo nimeacha kuwa Bet, mniite Bett. Joel hajabadilisha chochote. Ukimfanyia hati hiyo, utakuwa umetengeneza tarehe ambayo jina lake lilibadilika, na kila karatasi ya kabla ya tarehe hiyo itaanza kuulizwa maswali. Iache kwa anayetaka kweli kutupa jina, kwa mfano mwanamke anayeondoa jina la mume baada ya talaka.

Ya tatu ndiyo yetu: hati ya kiapo chini ya Sheria ya Viapo na Maazimio ya Kisheria, Sura ya 15 ya Sheria za Kenya. Hii inasema kwamba majina haya yote yamekuwa yangu wakati wote, mimi ni mmoja.

Hatua ya tano: iandike fupi

Mwandishi wa saiba ana kiapo tayari kwenye kompyuta. Atabadilisha jina la mteja wa jana aweke lako, na mara nyingine husahau moja, ukaapa kwamba wewe na mteja wa jana ni mtu mmoja. Wakili naye hupenda maneno marefu, ni fahari ya kazi yake. Wote wawili wape daftari lako la majina na uombe kila mstari ubebe jambo moja. Karatasi itaandikwa kwa Kiingereza, maana ndivyo ofisi zilivyozoea, lakini ujue kwa lugha yako inasema nini. Ya Joel inasema hivi:

Mimi, Joel Kiplangat Bett, mwenye kitambulisho nambari fulani na sanduku la posta fulani, naapa na kusema:

1. Kwamba mimi ni Mkenya mtu mzima mwenye akili timamu, na nina uwezo wa kuapa kiapo hiki.

2. Kwamba jina langu katika kitambulisho ni Joel Kiplangat Bett. Nakala imeambatishwa na kuwekwa alama ya kwanza.

3. Kwamba mimi ndiye mwenye shamba nambari fulani, ambalo hatimiliki yake iko kwa jina la Kiplagat arap Bet. Nakala imeambatishwa, alama ya pili.

4. Kwamba tofauti hiyo ilitokea kwa sababu shamba lilisajiliwa kwa jina langu la desturi kabla sijabatizwa, na kwa sababu ya namna lilivyoandikwa wakati huo.

5. Kwamba ninapokea malipo ya majani ya chai katika akaunti nambari fulani iliyoko kwa jina la Joel K. Beti. Nakala imeambatishwa, alama ya tatu.

6. Kwamba Joel Kiplangat Bett, Kiplagat arap Bet na Joel K. Beti ni mtu mmoja, naye ni mimi ninayeapa.

7. Kwamba naapa kiapo hiki ili kitumiwe na msajili wa ardhi, na benki yangu, na ofisi nyingine yoyote itakayokihitaji.

8. Kwamba niliyosema ni kweli kwa kadiri ya ujuzi wangu, habari nilizo nazo na imani yangu.

Hiyo inatosha. Mstari wa sita ndio moyo wake, na ule wa saba ndio utakaokuokolea nauli, kwa sababu kiapo kilichoelekezwa kwa benki peke yake hurudishwa kwenye dirisha la ardhi, na cha ardhi hurudishwa benki. Utaona pia kwamba mstari wa nne hausemi "karani alikosea". Umempa afisa sababu bila kumtukana aliyemtangulia.

Chapisha nakala tatu na uape zote tatu. Ofisi ya ardhi itabaki na moja, benki itataka yake yenye saini mbichi, na ya tatu ni yako. Fotokopi ya kiapo ni karatasi tu hadi mtu athibitishe kwamba imetoka kwenye ya asili.

Hatua ya sita: apa kwa mdomo

Utakutana na mtu atakayekuambia, "Saini tu hapa, nitapeleka igongwe muhuri." Ni rahisi, na ndiyo njia fupi inayoishia shimoni. Chini ya kiapo kuna maneno yanayosema kwamba kimeapwa mahali fulani, tarehe fulani, mbele ya kamishna wa viapo. Sheria yenyewe inamtaka kamishna aandike mahali na tarehe hiyo. Kama hukuwa mbele yake, maneno hayo ni uongo kabla hata hatujafika kwenye majina yako, na siku jamaa atakapopinga shamba mahakamani, wakili wake ataanzia hapo. Atakuuliza ofisi hiyo iko ghorofa ya ngapi, nawe hutajua.

Kwa hiyo nenda mwenyewe. Mawakili wengi ni makamishna wa viapo, na hakimu pia anaweza kukuapisha. Usiapishwe na wakili anayekuwakilisha katika shauri hilohilo, kwa kuwa sheria inamkataza. Kama ni wakili wako aliyeandika, vuka barabara uape kwa mwingine. Hakikisha kila kiambatisho kimegongwa muhuri na kuandikwa alama yake, kwa sababu nakala ya taito isiyo na alama ni kama haipo.

Ukienda na mzee asiyesoma, usimsomee wewe nyumbani ukadhani imetosha. Kiapo kinasomwa mbele ya kamishna kwa lugha anayoielewa, kwa Kipsigis ikibidi, na chini yake huandikwa kwamba kilisomwa na akaonekana kukielewa, ndipo anaweka kidole gumba. Usione aibu ya kidole gumba. Kipande walichovishwa babu zetu baada ya vita vya kwanza vya dunia, kile kilichoondolewa mwaka wa 1947, kilikuwa na alama za vidole. Kati ya vyote vilivyoandikwa juu ya mzee huyo tangu azaliwe, kidole ndicho pekee ambacho hakuna karani aliyewahi kukiongezea vokali.

Na kabla hujaapa, jiulize mara ya mwisho kama ni kweli. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na hapa kwetu mtu hufungwa na pia hubaki na ndugu wasiomsalimia.

Hatua ya saba: jua kiapo hakifanyi nini

Benki itakipokea, itakifungia kwenye faili lako, na kwa kawaida itakuomba ujaze fomu ili jina la akaunti lifanane na kitambulisho. Jaza siku hiyohiyo. Kisha nenda kituo chako cha kupimia majani na kiwandani, ubadilishe na nambari ya mkulima, maana ukirekebisha akaunti ukaiacha nambari, mwezi ujao pesa za Beti zitakuja kumtafuta Beti na hazitamkuta.

Ofisi ya ardhi ni jambo jingine. Kiapo hakibadilishi daftari. Kinalala kwenye faili kikimweleza msajili kwa nini anaweza kulibadilisha. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 kinampa uwezo wa kurekebisha mambo ya kawaida na makosa yasiyogusa haki ya mwenye mali. Bet kuwa Bett inaangukia hapo vizuri. Kwa hiyo usipeleke kiapo peke yake ukarudi nyumbani ukifurahi. Peleka ombi la kurekebisha jina, taito ya asili, kitambulisho, PIN na kiapo, ulipie, uchukue risiti. Wengi huacha hatua hii kwa sababu kiapo kimewapa raha, halafu wanakumbuka siku mnunuzi amekuja na pesa, au siku wanataka kuwagawia watoto, na bodi ya udhibiti wa ardhi imekaa inawasubiri.

Lakini kama jina la kwenye daftari ni la mtu mwingine kabisa kwa sikio la kawaida, au kama ndugu amekwisha kuweka pingamizi, msajili hatakuwa na uwezo wa kulimaliza kwenye meza yake. Hapo kifungu cha 80 kinalipeleka mahakamani, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapo Kericho. Usimsukume msajili afanye la hakimu. Rekebisho la haraka lililofanywa juu ya ugomvi hufutwa, na wewe utalipia mara mbili.

Hatua ya nane: kama mwenye majina amekwisha kufa

Marehemu haapi, na hakuna kiapo cha mtoto kitakachohamisha shamba la baba kwa msingi kwamba baba alikuwa na majina mawili. Shamba hilo litapitia mirathi. Njia ya mkato ipo, ndogo na nzuri, na wengi huiona wakiwa wamechelewa: unapopeleka ombi la mirathi, mtaje marehemu kwa majina yake yote tangu ukurasa wa kwanza. Andika Joel Kiplangat Bett, ambaye pia aliitwa Kiplagat arap Bet, ambaye pia aliitwa Joel K. Beti. Mwambie na chifu aandike hivyohivyo katika barua yake ya kuwataja warithi. Hati ya usimamizi ikitoka ikiwa na majina yote matatu, msajili na benki watajikuta humo kila mmoja na jina lake.

Usipofanya hivyo, hati itatoka kwa jina la cheti cha kifo tu, utafika ofisi ya ardhi, na karani atakuambia yale maneno uliyoyasikia mwanzoni. Bado hujapotea. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinairuhusu mahakama kurekebisha kosa la jina katika hati hiyo. Ila itakubidi uombe upya, uape upya, usubiri tarehe upya, na wakati huo bonasi ya mwaka inalala kwenye akaunti ya mtu ambaye hayuko.

Kama mzee yu hai na anasikia, nenda wikendi hii. Kaa naye chini, umuulize aliitwaje utotoni, aliitwaje alipotoka jandoni, nani alimbatiza na wapi, nani aliandika jina lake la chai. Kiapo anachoapa mwenyewe leo asubuhi hakuna wa kukiiga akishaondoka.

Hatua ya mwisho: usiondoke dirishani

Siku taito mpya itakapotolewa, karani atakusukumia karatasi na daftari la kusaini, na nyuma yako kutakuwa na foleni inayoguna. Utaona haya. Utataka kuikunja uiweke mfukoni ukaisomee garini. Simama hapohapo, toa kitambulisho, kiweke kando ya taito, usome kwa kidole, herufi moja moja, kwa sauti akusikie: K, I, P, L, A, N, G, A, T. Halafu B, E, T. Halafu T.